Ishirini na Nane Ipi? Kusoma Ubavu wa Tairi la Baiskeli Kwenye Picha

Mtera iko karibu katikati ya njia kuu ya Dodoma na Iringa, na baiskeli ya huko haina mchezo. Inabeba matenga ya perege na kambale kutoka mwaloni hadi barabarani, inabeba madumu ya maji, inabeba magunia ya mkaa. Maji ya bwawa la Mtera yakishuka wakati wa kiangazi mwalo wenyewe unasogea mbali, na baiskeli inalazimika kupita zaidi kwenye mchanga na mbigili. Tairi linaisha haraka. Duka la jirani likiwa na tairi, mara nyingi ni lile la saizi inayotoka sana, na mwenye baiskeli tofauti hana budi kuagiza mjini. Anapiga picha ubavu wa tairi lake, anamtumia ndugu au muuza spea wa Dodoma au Iringa, na mzigo unakuja kwa basi. Likija si lenyewe, nauli ya kifurushi imekwenda bure na samaki hawajui kusubiri.

Kwa nini picha, wakati mtu angeweza kupiga simu tu akataja saizi? Kwa sababu saizi ikitajwa kwa mdomo hupoteza kitu ambacho macho yangekiona. Mtu akisema, "Kaka, niletee tairi ishirini na nane kwa moja na nusu," amesema maneno yanayofaa matairi mawili yasiyoingiliana hata kidogo. La kwanza limeandikwa 28 x 1 1/2. La pili limeandikwa 28 x 1.50. Ukiyasoma kwa sauti yanafanana: moja na nusu ni moja nukta tano. Upana wao pia ni mmoja, milimita 40 kila moja. Lakini tundu la katikati, pale tairi linapokalia ringi, la kwanza lina kipenyo cha milimita 635 na la pili milimita 622. Tofauti ni milimita 13, kiasi kidogo tu mtu akiyatazama yakiwa yamening'inia dukani, ila ni nyingi mno kwa fundi mwenye tairi mkononi na ringi mapajani.

Nadhani kosa hili ndilo linalostahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu baiskeli nzito za mizigo tulizozoea, Phoenix ya Uchina na zile za Kihindi za mtindo wa Raleigh, hutumia 28 x 1 1/2 yenye 635, ilhali baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya na zile mpya za kisasa zenye magurudumu makubwa hutumia 622. Zote zinaitwa ishirini na nane. Zikiegeshwa pamoja chini ya mbuyu, urefu wa magurudumu yao hautofautiani kiasi cha mtu kugundua kwa macho.

Siri iko kwenye ile 28 yenyewe. Watu wengi hudhani ni kipimo cha ringi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ni kipimo cha nje, cha gurudumu zima likiwa limejazwa upepo, kwa inchi, tena kwa kukadiria. Zamani watengenezaji walitaka gurudumu libaki na urefu uleule hata tairi likibadilika unene. Waliotengeneza tairi jembamba walilipa ringi kubwa zaidi, na waliotengeneza tairi nene walilipa ringi ndogo, mradi nje ibaki 28. Kwa hiyo jina moja likazaa ringi kadhaa. Chukua tairi la 635 lenye unene wa 40: ukijumlisha 635 na 40 ya juu na 40 ya chini unapata milimita 715, yaani inchi 28 na kidogo. Chukua la 622 lenye unene wa 47: 622 na 47 mara mbili ni 716. Nje yamelingana kabisa, ndani yameachana.

Wafaransa waliliweka jambo hilohilo kwa njia yao. Waliipa nje kipimo cha milimita 700, kisha wakaongeza herufi kuonyesha ringi: A kwa tairi jembamba na ringi kubwa ya 642, B kwa ringi ya 635, na C kwa tairi nene na ringi ya 622. Ndiyo maana kwenye ubavu wa tairi unaweza kukuta 700 x 38B au 700 x 38C. Herufi ile ya mwisho, ambayo mtu huipita akidhani ni pambo, ndiyo inayoamua. Na leo C imevikwa matairi membamba kabisa ya baiskeli za mbio, kwa hiyo usijaribu kutafuta mantiki ya unene katika herufi hizo. Soma herufi kama jina la ringi, basi.

Baadaye ukaja mfumo unaoondoa ubishi wote, na karibu kila tairi la miongo ya karibuni limebeba namba zake hata kama ni kwa maandishi madogo. Umewekwa katika kanuni ya kimataifa ISO 5775, na herufi ETRTO zinazoonekana kwenye baadhi ya matairi ni kifupi cha shirika la Ulaya linalolinganisha vipimo vya tairi na ringi. Namba zenyewe ni mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili, yenye tarakimu tatu, ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa kwenye ringi. Mwenye kuagiza akituma namba hii peke yake, muuzaji hana haja ya kuuliza jingine kuhusu ukubwa. Tarakimu tatu za mwisho lazima zilingane na za tairi la zamani, bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Tarakimu mbili za mwanzo zinaweza kusogea kidogo, ukiwa na nafasi kwenye foku na madigadi.

Sasa tuitazame picha. Tuseme imeingia jioni kwenye simu ya muuza spea mjini: tairi la nyuma la baiskeli ya kubebea samaki, jeusi, limeliwa kashata mpaka limekuwa kipara katikati, matope yamekauka ubavuni. Kinachosomeka ni hiki: sifuri, kistari, sita, tatu, kisha doa la tope. Mbele kidogo, ndani ya mabano, kuna 28 x 1 1, halafu mstari wa mlazo ulioparuka. Mbele zaidi kuna 700 x 3, halafu kitu chenye matumbo mawili kinachoweza kuwa nane au tatu, na mwisho herufi moja ambayo nusu yake imefutika kwa kusuguana na breki iliyolegea.

Mtu mwenye haraka ataandika "28 x 1.5" akaenda dukani. Lakini ubavu huu umesema saizi yake mara tatu, kwa lugha tatu, na kila moja inaweza kuisahihisha nyingine. Anza na tarakimu tatu. Kinachoanza na 63 katika saizi zinazouzwa ni 630 au 635, kwa hiyo 622 imeshatoka kwenye mchezo. Je, ni 630? Ringi ya 630 ni ya matairi yanayoitwa 27, na maandishi ya mabano yanasema 28, waziwazi. Basi ni 635. Sasa unene: namba ya kwanza inaishia na sifuri, na kwa tairi la 28 lenye sehemu ya "1 1/" ya 635, unene unaotarajiwa ni moja na nusu, yaani milimita 38 kwa hesabu ya inchi, ambayo kwa mfumo mpya huandikwa 40. Sifuri imepata mwenzake. Iliyobaki ni herufi ya mwisho. Ikiwa ni 635 lazima iwe B. Kuza picha utazame: upande wa kushoto wa herufi kuna mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. C haina mstari huo. Mashahidi watatu wamekubaliana, na oda inaandikwa 40-635, 28 x 1 1/2.

Njia hii ya kulinganisha ina thamani zaidi pale maandishi yanapogombana. Ukisoma 40-622 halafu mabano yakakupa 28 x 1 1/2 yenye mstari wa mlazo, usichague unachokipenda. Moja kati ya mawili limesomwa vibaya, na huenda ni tarakimu mbili za mwisho zilizoharibika au nukta iliyoonekana kama mkwaruzo. Omba picha nyingine. Nukta na mstari wa mlazo ndivyo vinavyotenganisha matairi haya kwa upande wa inchi, na kwa bahati mbaya ndivyo vidogo kuliko vyote kwenye ubavu. Sheria ya kukumbuka ni nyepesi: saizi yenye nukta na saizi yenye sehemu hazibadilishani, hata hesabu ikisema ni sawa. Kwenye matairi ya 26 mambo ni yaleyale na pengine ni mabaya zaidi. 26 x 1 3/8 ni ringi ya 590, inayoonekana sana kwenye baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele. 26 x 2.125, ile ya baiskeli zenye matairi manene ya kashata kubwa, ni ringi ya 559. Hapo pengo ni milimita 31, na bado zote mbili zinaitwa ishirini na sita kwa sababu nje yao inalingana.

Picha nayo ina hila zake. Herufi za ubavu wa tairi hazijapakwa rangi. Zimeinuliwa kidogo, nyeusi juu ya nyeusi, na kinachozionyesha ni kivuli chao. Mwanga wa simu ukipigwa kutoka mbele unakifuta kivuli hicho na picha inatoka kama ubao mtupu. Mwanga unatakiwa uje kutoka ubavuni, ukiteleza juu ya mpira. Jua la saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni linafaa vizuri, au mtu wa pili ashike tochi pembeni karibu na ringi huku mpigaji akizima mwanga wa simu yake. Jua la saa sita la Mtera halisaidii chochote, lina ukali mwingi na kivuli kidogo.

Kabla ya hapo tairi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, likauke, kisha lipakwe chaki au unga kidogo na kufutwa juujuu kwa kiganja. Unga unabaki kwenye pembe za herufi na namba zinajitokeza nyeupe. Majivu laini nayo yanafanya kazi hiyo. Simu ishikwe ikitazama ubavu moja kwa moja, si kwa mshazari, kwa sababu mshazari hubana tarakimu na 8 ikawa 3, au mstari wa mlazo ukapotelea kwenye mpindo wa tairi. Na ipigwe picha ya kila maandishi, pande zote mbili za tairi, kwa kuwa mara nyingi namba zimerudiwa upande wa pili na upande mmoja huwa umechakaa zaidi.

Kuna jambo jingine dogo linalochekesha. Maandishi yamezunguka tairi, kwa hiyo picha ya sehemu ya chini ya gurudumu huja kichwa chini. Mtu akiisoma bila kuigeuza, 559 inakuwa 655 na 590 inakuwa 065. Hakuna tairi la baiskeli la 655 wala 065, kwa hiyo ukikutana nazo igeuze simu kabla ya kumlaumu mtumaji. Kamera ya mbele ya simu kadhaa nayo hugeuza maandishi kushoto kulia. Hiyo inajionyesha haraka kwa sababu herufi zote zinakuwa za kioo. Na ikiwa picha inatumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili au kwa ubora wa juu, maana programu hubana picha za kawaida na vitu vya kwanza kuyeyuka ni nukta na mistari midogo.

Lakini hata picha safi kabisa inajibu swali moja tu: tairi lililomo limeandikwaje. Haijibu kama tairi hilo ndilo lililostahili kuwemo. Baiskeli ya mizigo hupita mikononi mwa wengi, na aliyekuwa nayo kabla yako pengine alilazimisha lililopatikana. Kesi ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni ya 630 na 635. Baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye gurudumu la 27 ina ringi ya 630, na tairi la Phoenix la 635 linaingia humo kwa mkono bila kutumia hata kijiko cha kupandishia tairi. Mwenye baiskeli anafurahi, fundi anafurahi. Upepo ukijazwa kidogo linakaa. Ukijazwa kwa ajili ya mzigo, au jua la barabarani likiupandisha, waya unateleza juu ya ukingo wa ringi, tyubu inachungulia nje na kupasuka kwa mlio unaowafanya mbuzi watawanyike. Kwa hiyo tairi linaloingia kirahisi kupita kiasi ni la kutiliwa shaka, sawa na lile linalogoma.

Linalogoma ni kinyume chake: tairi la 622 kwenye ringi ya 635. Upande mmoja wa waya unaingia, wa pili unabaki umepungukiwa, na hakuna nguvu itakayouvusha. Wapo mafundi wanaojaribu kwa bisibisi mbili na mguu. Matokeo yake ni waya uliopinda au kukatika, tyubu iliyotobolewa na bisibisi, na tairi jipya ambalo halifai tena hata kwenye baiskeli yake halisi.

Njia ya kuwa na hakika ni kutazama ringi yenyewe. Baadhi ya ringi zimepigwa muhuri wa saizi kwenye chuma, karibu na tundu la valvu au upande wa ndani unaotazama spoku, na muhuri huo unatakiwa uwe kwenye picha ya pili. Kutu ikiwa imeula, kipimo cha kamba kinatosha. Toa tairi na tyubu. Chukua kamba isiyovutika, uzi wa nyavu unafaa sana na mwaloni haukosi, uzungushe ndani ya ringi pale waya wa tairi unapokalia, kwenye bega lililo chini ya ukingo, siyo juu ya ukingo wenyewe. Weka alama pale kamba inapokutana, inyooshe, ipime. Ringi ya 635 itakupa karibu sentimita 199 na nusu. Ya 630 itakupa karibu 198. Ya 622 itakupa 195 na nusu hivi. Ya 590 ni 185 na kidogo, na ya 559 ni 175 na nusu hadi 176. Kuizunguka ringi kunaikuza tofauti zaidi ya mara tatu, kwa hiyo zile milimita 13 za kutatanisha zinakuwa sentimita nne zinazoonekana hata kwa futi ya fundi nguo. Kati ya 635 na 630 pengo ni kama sentimita moja na nusu tu, hapo pima zaidi ya mara moja na ukaze kamba vilevile kila mara.

Tyubu ni habari nyepesi, kwa sababu mpira wake unavutika na unasamehe mengi ambayo waya wa tairi hausamehi. Tyubu iliyoandikwa 28 x 1 1/2 inakaa kwenye 635 na inakaa kwenye 622 bila malalamiko; boksi nyingi huandika zote mbili kwa pamoja, kwa mfano 622/635, zikitanguliwa na kiwango cha unene kama 37/47. Maana yake ni kwamba tairi lolote la unene wa milimita 37 hadi 47 kwenye ringi hizo linaifaa. Tairi letu la 40-635 limo ndani. Unene ndio wa kuangalia zaidi. Tyubu nene ikisukumwa ndani ya tairi jembamba hujikunja, na mkunjo huo unasuguana mpaka unatoboka mahali ambapo hakuna mwiba wala msumari. Fundi anaziba pancha, kesho inarudi palepale. Tyubu nyembamba ndani ya tairi nene nayo hutanuka mpaka mpira wake unakuwa kama karatasi, na kwa nchi ya mbigili kama ile huo ni mwaliko.

Kitu kinachoweza kuizuia tyubu kabisa ni valvu, na hii haiandikwi ubavuni mwa tairi. Ndiyo maana mtumaji mwerevu anaongeza picha ya tatu. Baiskeli za mizigo nyingi zina valvu ya zamani yenye nati ya juu na kipande cha mpira mwembamba ndani yake kinachozuia upepo kurudi. Nyingine zina valvu ya gari, ile inayoingia pampu za vituo vya mafuta. Hizi mbili zinapita kwenye tundu moja la ringi, lenye upana wa milimita 8 na nusu hivi, kwa hiyo zinabadilishana, ilimradi pampu ya nyumbani inaifaa utakayochagua. Baiskeli za mbio za mtumba zina valvu nyembamba ya milimita 6. Tyubu ya valvu ya gari haipiti kwenye tundu hilo, na kulichokonoa tundu la ringi nyembamba ili lipanuke ni kuidhoofisha mahali ambapo tayari ina udhaifu. Valvu nyembamba kwenye tundu kubwa inapita, lakini inacheza, na shina lake linachanika pale linapoungana na mpira.

Yapo maandishi mengine ubavuni ambayo mara nyingi hayahusu saizi na hayapaswi kumchanganya mtu. INFLATE TO ikifuatwa na namba na herufi PSI ni upepo unaoruhusiwa. Bar moja ni karibu PSI 14 na nusu, kwa wenye pampu ya kipimo cha Ulaya. Mshale unaonyesha mwelekeo wa kuzunguka. Namba inayofuatwa na PLY au PR inaeleza tabaka za nyuzi au uwezo wa kubeba, na mwenye kubeba matenga mawili ya samaki ana sababu ya kuiomba iwe kubwa kwa gurudumu la nyuma. Namba ndefu yenye herufi mchanganyiko ni ya kiwanda. Nimeona watu wakiinakili hiyo kwa uangalifu mkubwa na kuacha 40-635.

Tairi likifika Mtera, lisomwe kabla ya risiti kutupwa, tarakimu tatu kwa tarakimu tatu na za zamani au na kipimo cha kamba. Likishapandishwa, lijazwe upepo kidogo tu, kiasi cha kushika umbo, kisha gurudumu lizungushwe polepole. Matairi mengi yana mstari mwembamba ulioinuka unaozunguka ubavu juu kidogo ya ukingo wa ringi. Mstari huo ukae kwa umbali uleule mzunguko wote, pande zote mbili. Ukizama mahali fulani, waya haujapanda vizuri kwenye bega lake. Upepo utolewe, tairi likandwe kwa mikono pale lilipozama, lijazwe tena. Ukijitokeza juu upande mmoja na kuzama upande wa pili hata baada ya kukandwa mara mbili tatu, lishushwe, na kamba irudishwe kwenye ringi kabla ya kujaza upepo wa mzigo.